Alificha presha, akavunjika mguu: bima ina haki ya kukataa?

Mama Rehema, Mombasa: Dada yangu alijinunulia bima ya afya. Fomu ilipouliza kuhusu presha ikajazwa "hapana", na dawa anameza mwaka wa nne huu. Juzi kateleza, mguu ukavunjika, akapasuliwa. Bima imekataa bili yote na kufuta kadi. Presha na mguu wapi na wapi?

Otieno: Wezi tu. Ada wanapokea kimya, siku ya kulipa wanageuka wapelelezi. Isitoshe, mwaka wa kusubiri ukipita hawawezi kukuuliza tena.

Mzee Athumani: Nimekagua madai ya bima miaka mingi. Mwaka wa kusubiri upo, Otieno, ila ni wa ugonjwa ulioutaja. Mara nyingi ukipita wanaanza kuulipia, kwa kiwango kidogo kuliko cha kadi nzima. Uliouficha haujaanza kuhesabiwa.

Mama Rehema, hawaulizi kama presha ndiyo iliyovunja mguu. Wanauliza: tungejua, tungempokea kwa ada ileile na masharti yaleyale? Jibu likiwa hapana, wanaufuta mkataba tangu mwanzo, na mguu unaanguka nao. Kujua si kazi. Kabla ya upasuaji daktari wa usingizi huuliza dawa zote, na lazima aambiwe ukweli. Akiandika "presha, miaka minne", faili hilo bima wanaliomba.

Wanjiru: Mbona sisi kazini hatukuulizwa chochote? Nina kisukari na nalipiwa.

Mzee Athumani: Hiyo ni ya kikundi, mwajiri amewabeba wengi pamoja. Siku ukiacha kazi ukajinunulia yako, maswali utayakuta.

Salma, Leicester: Huku Uingereza sheria ya mwaka 2012 inatenganisha uongo wa makusudi na uzembe. Mzembe aliyelipa 40,000 wakati angetozwa 50,000 analipwa asilimia 80 ya dai. Kama wangeitenga presha peke yake, mguu unalipwa wote. Aliyedanganya kusudi hapati kitu. Kwangu hiyo ndiyo haki. Kufuta kila kitu kwa kila kosa ni ukatili.

Mzee Athumani: Na kwa huyu? Anameza dawa kila asubuhi, utaita uzembe?

Mama Rehema: Aliyejaza ni ajenti! Dada alimtajia presha, akajibiwa, "Weka hapana, itapita haraka." Yeye alitia sahihi tu.

Salma: Basi hakuficha. Alimwambia mtu wa kampuni.

Mzee Athumani: Kampuni itasema sahihi ni yake, na juu ya sahihi pameandikwa kwamba majibu ni ya kweli. Aombe nakala ya fomu na barua yenye sababu. Kama waliandikiana na ajenti kwenye simu, asifute hata neno. Alalamike kwa kampuni kwanza, wakikataa aende kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Siahidi atashinda.

Otieno: Na ajenti, kamisheni yake anairudisha?