Wakuu, huu mmea pichani ni kaktasi au siyo?

Mpangaji wa Dodoma
Wakuu habari zenu. Mmea huu uko kwenye kona ya uwanja ninapoishi. Umenizidi urefu, hauna majani, matawi yana pembe nne na miiba. Mwenye nyumba anasema ni kaktasi, jirani anakataa. Jana tulipunguza matawi yaliyokuwa yanagusa dirisha. Naomba kujua hilo tu, ni kaktasi au siyo? Nina haraka kidogo.

Mla Mbivu
Kaktasi hiyo. Tanga tunaita mpungate. Ngoja izae, matunda yake matamu sana, ila uyasugue mchangani kwanza vile vimiiba vitoke.

Mzee wa Vitalu
Mpungate una vipande bapa, mkuu, huu si wenyewe. Kuza picha uangalie ukingo wa pembe. Miiba imekaa miwili miwili, imeachana kama pembe za ng'ombe, na kila jozi imeota juu ya kigamba kigumu cha kijivu. Kaktasi halisi ina kidoa chenye manyoya mafupi, na miiba hutokea hapo, mara nyingi kwa kundi. Hata ua lake hutokea hapo hapo. Hapa sioni manyoya popote, kwa hiyo kwangu hii ni yuforbia, ndugu wa minyaa ya kwenye ua. Mlipokata, utomvu ulikuwa wa rangi gani?

Mpangaji wa Dodoma
Mweupe pee, ulichuruzika mwingi.

Dada Bustani
Basi kwisha. Chenye maziwa ni yuforbia, chenye maji ni kaktasi. Mtu akiwa na shaka achanje kidogo tu aone.

Mzee wa Vitalu
Dada, kuna kaktasi ndogo za vyunguni, zile mamilaria, baadhi yake hutoa maziwa pia. Na kuchanja ndiko kunakoumiza watu. Tazameni miiba kwanza. Mpangaji, haraka yako ni ya nini? Utomvu umemrukia mtu?

Mpangaji wa Dodoma
Mdogo wangu ndiye alikuwa anapokea matawi chini, saa kumi na moja jioni. Tone lilimwingia jicho la kulia. Alinawa, akasema linawasha tu. Saa nne usiku akaanza kulia kwa maumivu, na leo asubuhi anaona ukungu. Nimemtilia matone yaliyobaki nilipougua macho mwaka jana, na jirani anayenyonyesha ametupa maziwa kidogo. Naamini litatulia. Hospitali foleni ndefu, na kama ni kaktasi tu sioni sababu ya kwenda.

Mama Wawili
Yaani jicho la mtoto wa watu unalipigia hesabu ya foleni! Vijana mmekuwaje?

Mfugaji
Mbuzi wangu alivunja ua wa minyaa, akavimba mdomo siku kadhaa. Tangu hapo nimepanda michongoma.

Shahidi
Uzi wa kutunga huu. Kasema wamekata jana jioni, mbona pichani kidonda cha tawi kimeshakauka na kufunga gamba jeupe? Na jicho lililoungua ungesikia mayowe pale pale, siyo saa nne usiku.

Mzee wa Vitalu
Shahidi, hayo mawili ndiyo yanayonifanya nimwamini. Utomvu huu ukikutana na hewa huganda upesi na kuziba kidonda. Na jichoni mara nyingi huanza na muwasho mdogo, halafu maumivu na ukungu vinapanda baada ya saa kadhaa, kwa sababu kemikali zake zinaendelea kuchochea uvimbe na kuchubua konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Ndiyo maana watu hulala wakidhani yamekwisha.
Mpangaji, muoshe sasa hivi kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi, asisugue. Maziwa ya mama acha, yanaweza kuingiza vijidudu. Hayo matone yameandikwa nini?

Mpangaji wa Dodoma
Deksamethasoni. Lakini mimi yalinisaidia kabisa.

Mzee wa Vitalu
Hiyo ni steroidi. Daktari anaweza kuitumia kwa jicho kama hili baada ya kulipima, ila ukiitia kienyeji kwenye konea yenye mchubuko, maambukizi yanapata njia. Nenda na chupa hiyo pamoja na picha ya mmea. Wengi hupona wakiwahi.

Mpangaji wa Dodoma
Tumetoka kliniki ya macho. Wamemtia rangi ya chungwa, wakammulika kwa taa ya bluu, mchubuko ukaonekana. Wameosha tena, wamempa antibiotiki, turudi kesho. Ukungu bado upo.

Shahidi
Weka picha ya kadi ya kliniki ndipo niamini.

Mama Wawili
Kadi ya mgonjwa haiwekwi mtandaoni. Muache.

Dada Bustani
Mzee, ni yuforbia ipi sasa? Mimi nasema kandelabrumu.

Mzee wa Vitalu
Inaweza kuwa hiyo au ingensi. Kwa picha hii siwezi kuapa, ningependa kuona shina lote na maua.

Mpangaji wa Dodoma
Na matawi yaliyobaki chini niyachome?

Mzee wa Vitalu
Usichome, moshi wake nao unawasha macho na koo. Vaa glovu na miwani, yafukie mahali watoto na mifugo hawafiki. Panga uoshe kwa sabuni, maji matupu hayautoi utomvu huo.