Naomba msaada wa kukagua kugawanya na kuzidisha kwenye picha ya daftari

Shangazi wa Nakuru
Hamjambo wenzangu. Binti wa kaka yangu, aliye Gredi ya 6 huko Kisumu, hunitumia picha ya daftari lake nimkagulie kazi ya ziada. Amegawanya 2,448 kwa 24 akapata 12 bila baki. Chini yake amezidisha 102 kwa 24: mstari wa kwanza ni 408, wa pili 204, jumla 612. Picha imepigwa kwa pembeni, safu zimelala upande, nami sioni kosa lilipoanzia. Nimwelekeze vipi?

Baba Pacha, Njoro
Huyo hajakariri majedwali. Wangu walikuwa hivyo hivyo mpaka tulipoyaimba kila jioni.

Mwalimu wa Kakamega
Baba Pacha, majedwali anayajua, kwani 408 na 204 ni sahihi. Shangazi, picha ikilala, itegemee jumla. Kwa kuwa amepata 612, ile 4 ya 204 aliiweka chini ya 8. Lakini 2 ya 24 ni makumi mawili, kwa hiyo 4 hiyo ilipaswa kukaa chini ya 0, kwenye safu ya makumi, na jumla ingekuwa 2,448.

Kugawanya nako kuna kosa la nafasi. 24 inaingia katika 24 mara 1, na 1 hiyo huandikwa juu ya mamia. Akishusha 4, 24 haiingii, hivyo ni lazima aandike 0 juu ya 4 hiyo kabla ya kushusha 8. Nadhani alishusha 4 na 8 kwa mpigo. Kuza picha uangalie kama 1 na 2 zimebanana juu ya mstari, kisha mwambie azidishe 12 kwa 24 aone mwenyewe kwamba ni 288.

Jirani wa Kondele
Kwa kifupi, aweke sufuri kila anaposhusha tarakimu.

Mwalimu wa Kakamega
Hapana, ndugu yangu, ni pale tu namba inayopatikana baada ya kushusha tarakimu, pamoja na baki lililotangulia, inapokuwa ndogo kuliko kigawanyo. Ukigawanya 2,688 kwa 24 unapata 112, na hakuna sufuri hata moja inayohitajika.

Shangazi wa Nakuru
Nimeikuza, Mwalimu. 1 na 2 zimebanana kweli, na 48 imeandikwa kwa mara moja. Nitamwomba aandike tarakimu moja katika kila mraba na apige picha simu ikiwa juu ya daftari moja kwa moja. Ila mwalimu wake huwataka waache nafasi tupu mwishoni mwa mstari wa pili wa kuzidisha, bila kuandika 0. Je, nimwache afuate hivyo?

Jirani wa Kondele
Afuate ya darasani, asije akakosa alama.

Mwalimu wa Kakamega
Mimi ningependa aandike 0, kwa sababu nafasi tupu ndiyo iliyompotea hapa. Muulizeni mwalimu wake kwanza kama atakubali.