Yai la joto la chini: kwa nini kiini kimeshika na ute bado unamwagika?

Mpishi_Toro
Habari zenu wakuu. Napika kwenye nyumba ndogo ya wageni hapa Fort Portal. Juzi tulikuwa na wageni Wajapani waliotoka Sempaya, kule kwenye chemchemi za moto za Semuliki. Walitumbukiza mayai majini kama wageni wote wafanyavyo, yakatoka magumu kabisa. Wakanieleza kwamba kwao yapo mayai ya chemchemi, wanayaita onsen tamago, ambayo kiini chake kimeshika na ute wake ni laini kama mtindi. Wakaniomba niwapikie.

Nilibandika sufuria kwenye sigiri yenye makaa machache, nikakaa nayo saa nzima na kipimajoto changu cha nyama, maji yasishuke nyuzi 63 wala kupita 65. Nilipopasua yai, kiini kilikuwa kizito kama asali, lakini ute ulikuwa mweupe na majimaji, ukatawanyika sahanini. Hapo ndipo nimekwama. Joto linaingia kutoka nje, na ute ndio uko nje. Si ndio ulipaswa kutangulia kuiva? Wanarudi Ijumaa, naombeni msaada.

MamaKuku_Mbarara
Mwanangu, hayo mayai ni ya zamani, usijisumbue na kipimajoto. Mimi nafuga kuku wa mayai. Yai la jana ukilipasua kwenye sahani, ute unasimama kukizunguka kiini. La wiki tatu linatandaa kama maji hata halijaguswa na moto. Uliza muuzaji yametagwa lini.

Kijana_wa_Roleksi
Kaka, jambo ni jepesi. Ute hushika kwenye nyuzi 62, kiini kwenye 68. Ukikaa 65 lazima ute ushike na kiini kibaki maji. Kama wewe umepata kinyume, kipimajoto chako kibovu. Kitie kwenye maji yanayochemka, kisiposoma 100 kitupe.

Mwalimu_Sayansi_ya_Chakula
Kijana, usimtupishe mwenzio kifaa kizima. Fort Portal iko mita 1,500 na kidogo juu ya bahari, na maji huko yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kikisoma 95 ni kizima. Apime pia kwenye maji yenye barafu nyingi inayoyeyuka, kisome 0.

Hizo namba zako ni za kweli, ila umezisoma kama vile ute ni kitu kimoja. Ute ni maji yenye protini nyingi tofauti, na kila moja ina joto lake la kushika. Ya kwanza ni ovotransferini, inayoanza kushika kwenye nyuzi 61 au 62. Ndiyo iliyoufanya ute wa Mpishi uwe mweupe. Lakini ni kama sehemu moja tu kwa nane ya protini za ute, kwa hiyo inachoweza kuunda ni utando dhaifu, kama maziwa yanayoanza kuganda. Ovalbumini, ambayo ni zaidi ya nusu, haitikisiki mpaka karibu nyuzi 80. Yai lako halikufika huko hata kwa dakika moja.

Kiini nacho huanza kuwa kizito karibu na 65, na kwenye 70 kinasimama. Kwa hiyo kati ya 65 na 75 kiini kinautangulia ute, na hakuna makaa wala uvumilivu utakaogeuza hilo.

Kuhusu nje na ndani, umezoea yai la maji yanayochemka. Humo ute unapata nyuzi 90 wakati kiini bado ni vuguvugu, ndiyo maana ukilitoa dakika ya sita ute umeshika na kiini kinatiririka. Ni mbio, na ute umeanza mbele. Kwa joto la chini hakuna mbio. Baada ya nusu saa na zaidi yai zima lina joto moja, na kila sehemu inafuata tabia yake. Sempaya maji ni karibu na kuchemka, ndiyo maana mayai ya wageni wako yalikuwa magumu. Kwenye chemchemi ya nyuzi 70 wangepata yai lao.

Mpishi_Toro
Asante sana Mwalimu, sasa nimeelewa. Kumbe nilikuwa chini kidogo tu? Na je, nitakaaje nyuzi 70 juu ya sigiri? Ile saa moja ilinichosha, kila makaa yakipata upepo maji yanaruka nyuzi nne.

Mwalimu_Sayansi_ya_Chakula
Achana na sigiri. Tafuta boksi la kutunzia soda baridi, linalofunga vizuri. Lisuuze kwanza kwa maji ya moto ili lisinyonye joto. Mimina lita 3 za maji yanayochemka, kisha lita 1 na robo ya maji ya bomba. Koroga, upime. Yakisoma 72 au 73 uko sawa. Tia mayai 6 yasiyotoka kwenye friji, yatayashusha maji nyuzi tatu hivi. Funga, usifungue kwa dakika 45. Ukikuta 68 mwishoni, kazi imekwenda vizuri. Mayai ya friji yatashusha maji zaidi, hayo yaache nje kwanza.

Pasulia yai kwenye kijiko chenye matundu ili ute mwembamba uchuruzike. Na hapo Mama Kuku ana hoja. Kila yai lina sehemu ya ute mwembamba, na yai likikaa, hasa kwenye joto letu, sehemu hiyo inaongezeka. Zaidi ya hayo, ovalbumini yenyewe hubadilika polepole ikawa ya aina inayohitaji joto kubwa zaidi. Yai bichi la siku mbili litakupa ute unaojishika vizuri zaidi. Ila hata lingetagwa leo asubuhi, kwa nyuzi 64 ute ungebaki laini.

MamaKuku_Mbarara
Nilisema mimi. Nunua yenye tarehe.

Kijana_wa_Roleksi
Nimekubali kuhusu ovalbumini. Lakini Mwalimu, jana nimejaribu mwenyewe, mayai mawili kwenye 64. La dakika 40 kiini kilimwagika kama maziwa mazito, la saa moja na nusu nilikipaka kwenye chapati. Joto moja, viini viwili. Sasa hizo namba za kushika zina maana gani?

Mwalimu_Sayansi_ya_Chakula
Umegusa penyewe. Mwaka 2011 César Vega na Ruben Mercadé-Prieto walichapisha utafiti kuhusu jambo hilohilo, wakaonyesha kwamba kwenye nyuzi sitini na kitu uzito wa kiini unategemea joto na muda kwa pamoja. Namba moja ya kushika kwa kiini haipo. Kwenye ute muda hausaidii hivyo, kwa sababu ovalbumini kwenye 64 karibu haiguswi.

Nakato_K
Samahani kuingilia. Mgeni wangu anataka ute mgumu kiasi na kiini kama asali. Inawezekana? Na mjamzito anaweza kula?

Mwalimu_Sayansi_ya_Chakula
Dada, chemsha dakika 3 kwenye maji yanayochemka, litie kwenye maji baridi yenye barafu, kisha dakika 45 kwenye 64. Ute wa nje utakuwa umeshika kabla kiini hakijapata joto.

Kuhusu usalama, yai lililokaa saa nzima kwenye 64 halisi, salmonela zake zimekufa. Lakini boksi lililoshuka mpaka 55 bila wewe kujua ni hatari. Kwa mjamzito mimi ningepika ute na kiini vyote vishike.

Mpishi_Toro
Nimejaribu leo kwa boksi. Maji yalianza 73, yakaisha 68. Kiini kimesimama, laini kama parachichi lililoiva, na ute umetetemeka kijikoni bila kukimbia. Yai moja tu kati ya sita lilikuwa na maji mengi. Mama, nilichanganya trei mbili, sijui hilo lilitoka ipi.

MamaKuku_Mbarara
Kesho andika tarehe kwenye ganda kwa penseli.