Kibao cha praktiko kimesimama sm 3 pembeni ya sifuri, ripoti kesho saa nne. Nifanyeje?

Kapuku wa Maabara
Wakuu shikamooni. Niko mwaka wa kwanza. Tulifunga kibao kwenye springi, tukakivuta na kukiachia, tukapima vilele vinavyopungua. Natakiwa nitoe namba ya upungufu. Mimi nimepata 0.65 kwa sekunde, lakini jirani yangu wa benchi kapata kitu kingine kabisa. Naomba tu kujua, 0.65 ni namba ya kawaida? Kichwa cha uzi msikijali sana, hilo nimeshalimaliza.

Bi Mwana Tanga
Marahaba mwanangu. Ripoti ya kesho unaiulizia leo usiku! Wangu naye ni hivyo hivyo, sare inakumbukwa Jumapili saa tatu usiku na maji hakuna.

Mpimaji Mstaafu
0.65 umeipata kwa vilele vingapi? Na kibao kilining'inia hewani au kiliteleza juu ya kitu?

Kapuku wa Maabara
Viwili, mkuu. Sentimita 21 na 11, vyote upande wa kulia. Nikachukua logi ya 21 kwa 11, nikagawa kwa muda wa mzunguko, karibu sekunde 1. Grafu imenyooka vizuri. Kibao kiliteleza juu ya ubao, ila sidhani kama hilo lina shida.

Shaka Tupu
Grafu ya nukta mbili imenyooka? Hongera sana.

Kijana wa Logi
Dogo usiogope. Mtetemo wowote wenye msuguano unapungua kwa uwiano ule ule kila mzunguko, A = A0·e^(-bt). Njia yako iko sawa, ongeza vilele tu.

Mpimaji Mstaafu
Hiyo ni ya kitu kinachotembea ndani ya mafuta, ambako ukiongeza mwendo ukinzani unaongezeka. Ubao mkavu hauna habari na mwendo. Kibao kikienda kushoto, unakivuta kulia kwa kani ile ile mwanzo hadi mwisho wa safari. Kani isiyobadilika haiuharibu mtetemo wa springi, inahamisha tu mahali unapozungukia. Mzigo ulioning'inizwa nao unashusha mahali pa kutulia, lakini unacheza vile vile.

Kwa hiyo usipige hesabu ya safari nzima kwa mpigo, ikate nusu nusu. Kikienda kushoto, kitovu chake kiko kulia kidogo ya sifuri, tuseme sm 2.5. Ukikiachia kwenye 18, kiko 15.5 kutoka kitovu hicho, basi kitavuka kwenda 15.5 upande wa pili, yaani 13 kushoto ya sifuri. Hapo kinageuka, msuguano nao unageuka, kitovu kinaruka 2.5 kushoto. Unaanza upya: 10.5 huku, 10.5 kule, unafika 8 kulia. Kila nusu unatoa 5. Unatoa, hugawi. Na muda wa kila nusu haubadiliki.

Sasa lete vilele vya pande zote mbili.

Fundi Chuma Mbagala
Mnanikumbusha lori la springi za vyuma vilivyopangwa. Vile vyuma vinasuguana. Ukishusha mzigo, gari halirudi juu mpaka mwisho, ulipige teke bodi ndiyo linapanda. Mteja analia springi imekufa, kumbe kutu tu. Ukipaka grisi linapanda, ila barabarani linarukaruka.

Kapuku wa Maabara
Kwa mpangilio: 21 kulia, 10 kushoto, 11 kulia, kisha 0.

Mpimaji Mstaafu
Kutoka 10 kimepanda kwenda 11. Hiyo nguvu ya ziada kakipa nani?

Kapuku wa Maabara
Sawa, niseme ukweli. Kilisimama karibu sm 3 kushoto ya sifuri. Nikajua rula ilibandikwa vibaya, nikaongeza 3 kwenye kila kipimo ili kiishie sifuri. Ni kosa la sifuri, sekondari tulifundishwa kulirekebisha. Na ukurasa wa majedwali nimeshauchapisha, wino wenyewe wa kuazima.

Bi Mwana Tanga
Kurekebisha na kupika hesabu ni nyumba jirani, mwanangu.

Shaka Tupu
Ondoa hizo 3 unapata 18, 13, 8, 3. Yaani mfano wa Mpimaji neno kwa neno! Uzi huu umetungwa, pengine na mtu mmoja mwenye majina mawili. Tena mzunguko ni sekunde 1, basi kibao kilisimama baada ya sekunde moja na nusu. Macho gani yalisoma rula kwa kasi hiyo? Na springi ya kuvuta inasukumaje kibao upande wa pili? Ingelegea tu.

Mpimaji Mstaafu
Mfano wangu nilianzia 18 kwa sababu 21 yake ilinukia nyongeza ya 3 ya kwenye kichwa cha uzi. Ile 2.5 nilibahatisha. Lakini swali la springi ni zuri, kijana ajibu.

Kapuku wa Maabara
Sijatunga! Springi ni mbili, moja kila upande, zote zimevutwa sm 20 kabla ya kuanza ili isilegee hata moja. Kwa pamoja ni 20 N/m. Kibao ni kilo 0.5. Mwenzangu alirekodi kwa simu, fremu 30 kwa sekunde, tukahesabu fremu 15 kila nusu. Daftari linasema +17.9, −13.2, +8.1, −2.9. Kwenye ripoti nilizifanya namba kamili.

Shaka Tupu
Haya, desimali hizo zina jasho kidogo. Narudi nyuma nusu hatua.

Mpimaji Mstaafu
Sasa tunaongea. Upungufu ni 4.7, 5.1, 5.2. Rula ingekuwa imehama, ungeona kubwa, ndogo, kubwa, kwa sababu kosa linaongeza upande mmoja na kupunguza upande mwingine. Marekebisho yako yametoa 11, hasi 1, kisha 11. Rula haikuhama, kibao ndicho kilichosimama pembeni.

Wastani ni sm 5, nusu yake 2.5. Mara 20 N/m unapata msuguano wa 0.5 N. Gawa kwa uzito wa 4.9 N, karibu 0.10. Hiyo ndiyo namba ya kuandika. 0.65 haina mwenyewe.

Kijana wa Logi
Nakubali ya kutoa. Lakini pale 2.9 springi inavuta 0.58 N, inashinda msuguano wa 0.5. Kingetambaa hadi 2.1, bado kushoto. Mbona kimeganda?

Mpimaji Mstaafu
Ubao unashika kilichosimama kuliko kinachoteleza. Lakini swali lako linabaki mpaka tujue video iliendelea baada ya hapo, au ilikatwa kikiwa njiani.

Kapuku wa Maabara
Nimeifungua tena. Inaendelea fremu 9 baada ya kugeuka mara ya tatu, halafu mkono wa mwenzangu unaingia kukitoa. Fremu zote 9 kiko 2.9.

Mpimaji Mstaafu
Kwa fremu 9 kingekuwa kimeshatambaa kama nusu sentimita, ungeiona. Basi kiliganda. Unaweza kuandika kwamba mshiko wa kusimama ni 0.58 N au zaidi. Zaidi kiasi gani, video haisemi. Kukijua unakiweka kibao kwa mkono mbali zaidi kidogo kidogo, unaachia polepole, mpaka kigome kukaa.

Kapuku wa Maabara
Maabara imefungwa hadi saa mbili asubuhi. Na ile 4.7 ya kwanza nayo siielewi.

Fundi Chuma Mbagala
Ubao mliufuta vumbi kabla?

Kapuku wa Maabara
Nusu ya kulia tu. Kushoto kulikuwa na begi langu.