Naomba ushauri: ujumbe wa kuwakaribisha wapya kwenye kundi la ulinzi
Habarini ndugu zangu. Naandika ujumbe wa kuwakaribisha wapya kwenye kundi letu la WhatsApp la ulinzi shirikishi, hapa Ngamiani, Tanga. Nimeeleza kuwa ni la taarifa za usalama tu, na anayetoa tahadhari ataje mahali, saa, alichokiona na mtu ameelekea wapi. Hatari ikiendelea, apige 112 kwanza.

Nimekwama kwenye picha za wanaoshukiwa. Picha ya kijana ikirushwa humo kwamba ni mwizi, watu wanaweza kumvamia kabla mwenyekiti wa mtaa hajafika, kumbe anaulizia nyumba ya shangazi yake. Hilo linanitisha sana.

Nizikataze kabisa, au zitumwe kwa msimamizi pekee? Na nikiuweka ujumbe kwenye maelezo ya kundi hawausomi, niuweke wapi?