Supertrend 10,2 au 10,3 kwa kutokea kwenye trendi?

Ihumwa_H4: Wakuu, kuingia sina shida, shida yangu kutoka. Nilinunua EURUSD 1.0830 kwenye chati ya H4, ATR ikiwa pipsi 25. Bei ikapanda, mstari wa 10,2 ukafika 1.0870, wa 10,3 ukawa 1.0845. Mshumaa ukafunga 1.0862, nikatoka na pipsi 32. Siku mbili baadaye bei iko 1.0990, mimi naitazama tu. Nihamie kizidisho cha 3?

Alizeti_Singida: Tatizo ni hiyo ATR ya mishumaa 10. Weka 20, kelele zitaisha.

Mzee wa Mishumaa: Alizeti, nusu umepatia. Ukiweka 20, ATR inatulia, haishtuki na mshumaa mmoja wa habari. Ila umbali wa mstari unabaki karibu uleule, maana unatoka kwenye kizidisho.

Ihumwa, 3 ingekubakiza ndani, kweli. Lakini tazama soko likiwa limelala, ATR 20. Kwa 2, mstari unakaa pipsi 40 kutoka katikati ya mshumaa. Bei ikicheza ndani ya 35, haugeuki. Ikicheza ndani ya 60, unageuka kuuza baada ya kushuka 40, zimebaki 20 tu. Bei ikirudi juu 40 unageuka kununua, pipsi 20 juu ya ulipouzia. Umechapwa 20 na spredi juu. Kwa 3, hiyo 60 haikugusi, ila soko likicheza 90 unachapwa 30, wakati mwenye 2 kaambulia 10. Kinyozi wa hela zako hajafa, kahamia kibanda cha pili. Pima kwanza soko lako huwa linacheza upana gani ukilinganisha na ATR.

Mama Zabibu: Mie niliuza dhahabu, stopu nikaibandika juu ya mstari palepale. Saa 6 usiku nikafungwa, na mshumaa haujaugusa! Nikagombana na dalali wiki nzima.

Mzee wa Mishumaa: Pole mama. Chati nyingi huchora bei ya kuuzia, ila aliyeuza hufungwa kwa bei ya kununulia. Saa 6 usiku ya hapa, kipindi cha kiangazi chao, ndipo New York wanafunga siku, na spredi hutanuka. Kwenye kuuza, ongeza spredi ya saa hiyo juu ya mstari.

Alizeti_Singida: Au asubiri mshumaa ufunge ndipo atoke kwa mkono.

Mzee wa Mishumaa: Siku ya habari H4 inaweza kufunga mbali sana kupita mstari, na wewe umelala. Mimi huacha stopu ya dharura nyuma kidogo ya mstari, kisha nasubiri kufunga.

Ihumwa_H4: Mimi sigeuzi, natoka tu. Hayo ya kuchapwa kwenda na kurudi yananihusu?

Mzee wa Mishumaa: Yanakuhusu ukirudi kununua mstari ukigeuka. Huwa unarudi?

Ihumwa_H4: …Huwa narudi. Nikirudi nyumbani jioni nahesabu mizunguko ya miezi 3, nitaleta.

Mama Zabibu: Na kwa dhahabu kizidisho kiwe ngapi jamani?