Mrejesho: goti la mama

Niliuliza: "Mama ana miaka 67 na kilo 96. Goti limesagika, asubuhi linakakamaa. Mazoezi si yatalisaga zaidi?"

Wakuu, hayakulisaga. Mtaalamu wa fiziotherapia alianza na msuli wa mbele ya paja, maana ukilegea, mzigo wote unaliangukia goti. Mama anakaa kitini, ananyoosha mguu, anahesabu hadi tano, anaushusha polepole, mara kumi kila mguu. Ulipopata nguvu, akaongezewa kuinuka kitini bila kushika kitu. Maumivu yakitulia kufikia kesho yake, anaendelea. Yakizidi au goti likivimba, anapunguza idadi, haachi.

Ugomvi ulikuwa sahani. Ugali umekuwa nusu, sato anachemshwa badala ya kukaangwa, soda hakuna (hapo alininunia kweli). Sasa ana kilo 89. Kila kilo inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua, kwa hiyo saba si haba.

Asubuhi goti linalegea kabla chai haijachemka, na soko la Kirumba anakwenda mwenyewe. Gegedu lililolika halijarudi, na kushuka mawe ya mlimani kwetu bado kunamuuma.